Mrejesho: swali la zege limejibiwa

Niliuliza: "Nimeiandikia ofisi ya zabuni, 'Zege la msingi ni lipi hasa, mbona mnatuchanganya?' Kimya. Niandikeje?"

Ahsanteni wakubwa. Niliandika upya hivi: "Kipengele 3.2 cha orodha ya kazi na vipimo kinataja zege daraja la 25. Mchoro S-02 unaonyesha daraja la 20. Tafadhali thibitisheni daraja la kutumia katika kupanga bei."

Tofauti hiyo ni kiasi cha saruji, na huku Pemba saruji ndiyo bei yenyewe. Nililiwahisha swali kabla ya siku ya mwisho ya maswali. Jibu likaenda kwa waombaji wote, bila kumtaja aliyeuliza: daraja la 25. Nimeliambatisha kwenye zabuni. Swali langu jengine, "Malipo huwa yanachelewa?", nililifuta, lile lilikuwa lalamiko tu.