Natembea kila jioni, lakini nitajuaje kama kasi yangu inatosha?

Tausi_J: Habari zenu wakuu. Nina miaka 52. Daktari aliniambia nitembee kwa haraka, dakika 150 kwa wiki. Dakika nazipata bila shida, maana natembea dakika 40 karibu kila jioni kwenye njia tambarare. Kinachonisumbua ni hilo neno "haraka". Siishiwi pumzi, na nikirudi nyumbani sijachoka. Nitajuaje kama mwendo wangu unahesabika? Na kama hautoshi, niuongezeje bila kujiumiza?

Bamkubwa: Angalia jasho tu. Usipolowa, hujafanya kitu. Na uhakikishe unafikisha hatua 10,000 kwa siku.

KochaMstaafu: Bamkubwa, jasho linategemea pia hali ya hewa na mwili wa mtu. Siku ya joto utalowa hata ukijikokota. Na hatua 10,000 zinaonyesha umetembea kiasi gani, hazisemi ulitembea kwa kasi gani. Mtu anaweza kuzikusanya kutwa nzima akizunguka taratibu.

Dada Tausi, kipimo cha kwanza ni mdomo wako. Ukiwa katikati ya matembezi, sema sentensi mbili tatu ndefu, kisha jaribu kuimba. Kama unaimba beti nzima vizuri, uko polepole. Kama unaweza kuongea lakini wimbo unakatika kwa kutafuta pumzi, hapo ndipo daktari anapopataka. Ukishindwa hata kuongea, ukasema maneno machache tu ndipo uvute pumzi, umeshavuka kiwango hicho.

Cha pili ni kuhesabu. Ukishapata joto, baada ya dakika kumi hivi, hesabu hatua kwa sekunde 30 halafu zidisha kwa mbili. Kwa watu wazima wengi, hatua 100 kwa dakika ndiyo kasi ya wastani inapoanzia. Hiyo si sheria: mwenye miguu mirefu huweza kufikia juhudi ileile kwa hatua pungufu kidogo. Vipimo viwili vikipishana, mimi nafuata pumzi.

Zuhura_M: Mimi nilihesabu nikapata 52 kwa dakika nzima! Kumbe ni mgonjwa?

KochaMstaafu: Ulihesabu mguu mmoja au yote miwili? Kila mguu unapogusa ardhi ni hatua moja.

Zuhura_M: Wa kulia tu. Basi ni 104. Nashukuru.

MzeeSalim: Mimi natumia saa ya kupima mapigo ya moyo. Nikikaza mwendo hadi nahema, mapigo bado hayapandi kama jedwali la umri linavyotaka. Natumia dawa ya presha.

KochaMstaafu: Shikamoo mzee. Baadhi ya dawa za presha huzuia mapigo yasipande, kwa hiyo lile jedwali huenda halikufai. Muulize daktari kama yako ni mojawapo, na kwa sasa tumia kipimo cha kuongea. Usijilazimishe kuifukuza namba ya saa.

Tausi_J: Nimerudi. Nilihesabu 46 kwa sekunde 30, yaani 92 kwa dakika. Na niliimba wimbo mzima! Nikajaribu kurefusha hatua ili niende kasi, sehemu ya mbele ya ugoko ikaanza kuwaka moto.

KochaMstaafu: Ni hiyo kurefusha. Mguu ukitua mbali mbele ya mwili unakuwa kama breki, na msuli wa ugoko unafanya kazi kubwa kuuteremsha unyayo. Fupisha hatua, zifuatane upesi, na kunja viwiko. Ukiharakisha mikono, miguu itafuata.

Dakika zako 40 usiziongeze. Tano za mwanzo nenda taratibu. Kisha tatu za haraka, ukilenga hatua 52 hadi 54 kwa sekunde 30, na tatu za mwendo wako wa kawaida. Rudia mara tano, ndipo umalizie kwa dakika tano za taratibu. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, siku nyingine tembea ulivyozoea. Dakika za haraka zikianza kuruhusu wimbo, punguza zile za kawaida ziwe mbili, baadaye moja. Ugoko ukiuma hata ukiwa umepumzika, au ukibonyeza sehemu moja ya mfupa ikauma sana, acha ukapimwe. Maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama hapohapo na utafute msaada.

Bamkubwa: Kwa nini asipande kilima tu? Pumzi itapanda bila kuhesabu chochote.

KochaMstaafu: Kilima kinafaa, na hapo hatua 92 zinaweza kutosha kabisa. Ila kwa ugoko unaowaka, ningesubiri utulie kwanza.

MzeeSalim: Mimi nakubaliana na Bamkubwa. Kilima kidogo kimenisaidia kuliko kukimbizana na saa, ila magoti hulalamika wakati wa kushuka.

Tausi_J: Naanza na tambarare, hatua fupi. Kilima nitamuuliza daktari kwanza, maana goti langu la kushoto nalo lina historia yake.