Mvinyo au bia ndani ya mchuzi: ipi kati ya njia hizi tatu huacha kileo kidogo zaidi?

Mpishi wa Nyali

Wanabaraza, habari za jioni. Kazi yangu ni kupika kwenye shughuli za watu majumbani, hapa Mombasa, na Jumamosi nina chakula cha watu 6 ambacho mwenyeji ametaka kiwe na nyama ya kukaanga na mchuzi wa mvinyo mwekundu. Jana alinipigia simu kunieleza kwamba mmoja wa wageni wake ameacha pombe na anatumia disulfiramu, ile dawa inayomfanya mtu augue akionja kileo. Msaidizi wangu anasema nisihangaike, kwa kuwa dakika 10 za moto humaliza kila kitu, lakini mimi sijatulia.

Njia nilizo nazo ni tatu. Ya kwanza ni kutoa nyama kikaangoni, kumimina mililita 300 za mvinyo wenye kileo cha asilimia 13, kuuchemsha peke yake hadi ubaki nusu, kisha kutia supu ya mifupa. Ya pili ni kumimina mvinyo huohuo kwenye sufuria yenye lita moja ya supu, kufunika, na kuacha itokote dakika 30. Ya tatu ni kuachana na mvinyo kabisa na kupika nyama ya vipande kwa chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5, moto mdogo, saa mbili na nusu. Naomba mwenye ujuzi anilinganishie.

Fundi wa Kikaango

Dada, msaidizi wako yuko sahihi. Kileo huchemka kwenye nyuzijoto 78 na maji huchemka kwenye 100, kwa hiyo mchuzi ukishafika kwenye kutokota, kileo kimekwisha kutangulia. Kama bado una wasiwasi, washa moto juu ya kikaango kama wafanyavyo wapishi wa hotelini. Mwali ukizimika wenyewe, hiyo ni dalili kwamba hakuna kilichobaki cha kuungua.

Mzee wa Maabara

Ndugu yangu Fundi, hizo nyuzijoto 78 ni kweli, ila ni za kileo kilicho peke yake. Kikishachanganyika na maji, viwili hivyo huchemka pamoja kama kitu kimoja. Mvinyo wa asilimia 13 huanza kuchemka karibu na nyuzijoto 91 au 92, na kadiri kileo kinavyopungua ndivyo joto la kuchemka linavyosogea kuelekea 100. Nilifanya kazi miaka mingi katika maabara ya kiwanda cha bia, na jambo hili tulikuwa tukiliona kila siku: mvuke unaotoka kwenye mchanganyiko una kileo kingi kuliko kimiminika kilichobaki chini, lakini hauwi kileo kitupu hata mara moja. Mvinyo wa namna hiyo ukianza kuchemka, takriban nusu ya uzito wa mvuke wake wa kwanza ni kileo na nusu ni maji. Baadaye mvuke wenyewe hufifia, kwa hiyo sehemu ya mwisho ya kileo ndiyo inayodai subira.

Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walipima mapishi 6 yaliyotiwa vileo, wakakuta kilichobaki ni kuanzia asilimia 4 hadi 85. Hiyo 85 ilikuwa ya kileo kilichotiwa kwenye mchuzi uliokwisha kuchemka na kuepuliwa papo hapo. Chakula kilichowashwa moto juu kilibakiwa na takriban asilimia 75, kwa sababu mwali huzimika pale mvuke unapokuwa hafifu mno kuweza kuungua, na wakati huo bado kuna kileo kingi chini. Jedwali linalotumiwa sana tangu hapo linasema kwamba kileo kilichokorogwa ndani ya chakula hubaki asilimia 40 baada ya dakika 15 za kutokota, 35 baada ya nusu saa, 25 baada ya saa moja, 10 baada ya saa mbili, na 5 baada ya saa mbili na nusu. Tazameni jinsi robo saa ya kwanza inavyoondoa zaidi ya nusu, na robo saa inayofuata ikapunguza asilimia 5 tu.

Fundi wa Kikaango

Nimekuelewa kuhusu mwali, mzee. Ila mimi huonja, na baada ya dakika 10 ule ukali unaochoma puani huwa umekwisha. Kama kingekuwepo si ningekisikia?

Mzee wa Maabara

Ungekisikia kama kingekuwa kingi. Mchuzi una chumvi, mafuta, kitunguu na utamu wa supu, na vyote hivyo huufunika ukali wa kileo mapema sana. Pua inakufahamisha kwamba mchuzi umetulia na unalika, na kwa ladha hilo latosha. Kwa mgonjwa anayetumia dawa, halitoshi.

Binti wa Pangani

Samahani kama nimechelewa. Hivi swali ni kuhusu siki ya mvinyo? Kwa sababu mimi hutia siki kwenye kachumbari na achari, na sijawahi kusikia kwamba ina pombe.

Mpishi wa Nyali

Hapana, mdogo wangu, nazungumzia mvinyo wenyewe. Lakini umenikumbusha jambo. Mwenyeji alinitumia picha ya karatasi ya ile dawa, na humo wameonya wazi kuhusu michuzi iliyotiwa vileo, dawa za kikohozi na hata siki. Kwa hiyo kachumbari ya mgeni huyo nitaikamulia ndimu.

Mzee, narudi kwako. Jedwali lako linahesabu dakika, lakini halisemi lolote kuhusu sufuria yangu. Njia ya pili nimepanga kufunika. Je, kufunika kunabadilisha hesabu?

Mzee wa Maabara

Kunaibadilisha mno, mama, na hapo ndipo ningependa tukae kidogo. Dakika ni kipimo cha mkato tu. Kinachoondoa kileo ni mvuke unaotoka na usirudi, na mfuniko huurudisha. Chukua mfuniko wa kioo, uweke juu ya mvinyo unaochemka kwa dakika moja, kisha uuinue na unuse yale matone yaliyoshika upande wa ndani. Utakuta yananuka kileo kuliko mvinyo wenyewe, na hayo ndiyo yanayodondoka tena chini.

Sasa tuhesabu njia zako. Mililita 300 za mvinyo wa asilimia 13 zina takriban gramu 31 za kileo. Katika njia ya kwanza unaupunguza mvinyo peke yake hadi nusu, yaani unatoa karibu mililita 150. Kwa hesabu yangu hubaki chini ya asilimia moja ya kileo, ingawa jikoni, ambako mvinyo hurukia ukingoni mwa kikaango na moto haulingani, mimi ningeacha nafasi ya zaidi kidogo ya hapo. Wanaotengeneza konyaki kule Ufaransa wanalijua jambo hili kwa mikono yao: katika mchemsho wa kwanza wanakusanya takriban theluthi moja ya ujazo, na humo mna karibu kileo chote cha ule mvinyo.

Njia ya pili ina mvinyo uleule, lakini umezama ndani ya lita moja ya supu. Mvuke wake unaanza na kileo cha takriban moja ya tano tu ya uzito. Hata ukiacha sufuria wazi na ukatoa zile mililita 150 zilezile, kitabaki kama theluthi moja, yaani gramu 10 au 11, na kila mgeni atakula karibu gramu 2. Ukifunika, mvuke unaotoka ni mdogo, na kinachobaki ni kingi zaidi ya hapo.

Bia yako ya mililita 500 ina takriban gramu 20 za kileo. Saa mbili na nusu zikiacha asilimia 5, ni gramu moja kwa sufuria nzima. Kwa hiyo ya kwanza na ya tatu zinakaribiana, ila ya kwanza inachukua dakika chache na ya tatu inachukua alasiri yote.

Mama Wawili, Arusha

Naomba niseme langu, maana mume wangu alitumia dawa hiyohiyo kwa miezi kadhaa. Nilipika nyama kwa bia saa tatu, nimefunika kwa mfuniko mzito, na mwishoni nikaona mchuzi umekauka, nikaongeza bia kidogo, robo kikombe hivi, nikaepua. Hakumaliza sahani. Uso ulimwiva, moyo ukamwenda mbio, akalala na kichwa usiku kucha, na mimi nikakesha nikijilaumu. Hadi leo sijui kama ni ile bia ya mwisho au ni mfuniko. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, dada, usitafute iliyo ndogo zaidi. Mpikie chake.

Mzee wa Maabara

Pole sana, mama. Ile bia ya mwisho haikupata moto wa kutosha, kwa hiyo karibu yote ilikuwamo. Lakini sufuria iliyofunikwa saa tatu nayo siwezi kuiachilia, hasa kama mchuzi ulikuwa mzito wa unga. Huenda vyote viwili vilichangia. Nami nakubaliana nawe kuhusu mgeni: hesabu zangu zinafaa kwa mtu mzima asiye na dawa anayetaka kujua anakula nini.

Jirani wa Malindi

Na kwa sisi Waislamu mjadala huu hauishii kwenye gramu. Wapo wanaotazama kilichobaki, na wapo wanaosema kwamba kilichotiwa makusudi kimetiwa, hata kama mvuke umekichukua. Mimi niko na hao wa pili, kwa hiyo tafadhali, mpishi, ukimpikia mwenzetu, mweleze kabla hajala na umwachie aamue.

Mpishi wa Nyali

Nitafanya hivyo, na ahsante kwa kunikumbusha. Mgeni wa dawa nitampikia mchuzi wake wa supu ya mifupa na ukwaju, kwenye kikaango chake na kwa mwiko wake, na utakuwa tayari kabla sijafungua chupa ya mvinyo. Hao watano wengine nitawapikia kwa njia ya kwanza.

Jioni hii nimejaribu kwa mizani ya unga. Kikaango changu kipana kitupu kina gramu 1,240, na pamoja na mvinyo kikafika 1,535. Nilikichemsha bila mfuniko, nikawa nakiepua na kukipima, hadi kikafika 1,388. Ilichukua dakika 9. Kisha nikarudia kwenye sufuria nyembamba ya kupikia chai, moto uleule, na kupoteza uzito uleule kukachukua dakika 16. Mzee, ningefuata ile saa ya msaidizi wangu, hiyo sufuria ya pili ningeiepua ikiwa bado safarini. Jambo moja bado linanisumbua: mwenyeji anauliza kama nyama yenyewe naweza kuilaza kwenye mvinyo usiku kucha kabla ya kuikaanga.

Mzee wa Maabara

Kwa hao watano, sawa. Lakini mvinyo ulioingia ndani ya nyama hautoki kama ulio kikaangoni, kwa kuwa katikati ya kipande cha nyama iliyoiva kidogo hakuchemki kabisa. Ile mizani yako haitakuonyesha hilo.