Jigso darasani: kundi la nyumbani la wanne au la wanane?

Mwl_Sayansi6
Habari wakuu. Darasa la Sita, wanafunzi 48, vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80. Mada ni magonjwa: malaria, kipindupindu, kifua kikuu na kichocho. Nataka kutumia jigso: kila mtoto anasoma kipande chake, anakijadili na wenzake wa kipande hichohicho, yaani wataalamu, kisha anarudi kukifundisha kundi lake la nyumbani. Nyumba ziwe za watoto wanne, kila mmoja na ugonjwa wake, au wanane, wawili wawili kwa kila ugonjwa?

Chaki_Nyeupe
Wanne. Kwenye wanane anaongea mmoja, waliobaki wanaangalia dirishani. Na mbinu hii inakubali mada yoyote, hata mmeng'enyo wa chakula: mdomo, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana.

Bi_Ratiba
Wanne sawa, mmeng'enyo hapana. Aliyepewa utumbo mwembamba atafundisha nini kama hajui chakula kimefika pale kikiwa katika hali gani? Magonjwa yanafaa kwa sababu kila moja linajitegemea.

Mwl, utapata nyumba 12. Tatizo liko kwa wataalamu: ukiwaweka pamoja wote wa kichocho, hilo ni kundi la watoto 12. Ligawe mara tatu. Kila mtoto apewe kadi yenye namba ya nyumba na herufi ya ugonjwa, mfano 7D. Akina D wa nyumba 1–4 wakae pamoja, 5–8 pamoja, 9–12 pamoja.

Dakika: kupanga 5, kusoma kimya 10, wataalamu 20, kuhama 3, kufundishana 24 (sita kwa kila mmoja), jaribio la mtu mmoja mmoja 15.

Kabla hawajahama, pitia kila kundi la wataalamu na swali moja la mtego. Kwa kichocho: "Mtu anachemsha maji yote ya kunywa, lakini anaoga ziwani penye konokono. Yuko salama?" Wakisema ndiyo, wanadhani vimelea huingia kwa mdomo, kumbe hupenya ngozi. Usiposahihisha hapo, nyumba nne zinabeba kosa hilo. Kisha kusanya matini zote. Wakibaki nazo, mmoja atasoma kwa sauti na wenzake watanakili.

Dawati_Zege
Mimi nina 90 na madawati hayasogei. Nifanyeje?

Chaki_Nyeupe
Hiyo anzishia uzi wake, ndugu.

Kalamu_Nyekundu
Bi Ratiba, umesahau watoro. Mtoto mmoja asipokuja, nyumba yake haina kichocho kabisa. Wanane wanaziba pengo hilo, hasa ukigawa somo kwa siku mbili.

Bi_Ratiba
Kweli kwa siku mbili. Kwa siku moja, ita majina kwanza ndipo ugawe kadi. Wakija 46, tengeneza nyumba 10 za wanne na mbili za watatu. Hizo mbili zikae karibu na nyumba jirani zisikilize kipande kilichokosekana. Jaribio nalo liwe na maswali mawili kwa kila ugonjwa. Nyumba 5–8 zikikosa kichocho pamoja, chanzo ni kundi lao la wataalamu. Ikikosa nyumba ya 6 peke yake, tatizo lilikuwa kwenye kufundishana.

Kalamu_Nyekundu
Nyumba mbili zikisikiliza mtoto mmoja, tumerudi kwenye kundi la saba. Bado nasimama na wanane.

Mwl_Sayansi6
Siku yangu ni moja, naanza na wanne. Kadi nazikata leo.