Mrejesho: kigari kilichokuwa kinakwama matopeni

Niliuliza: "Kigari changu cha magurudumu manne kinajichimbia matopeni kikikata kona. Nibadili usukani au niweke springi?"

Wakuu, nimebadili usukani. Kugeuza kwa kupishanisha mwendo wa kushoto na kulia kulikuwa kunaburuza matairi kiubavu, ndiyo maana yalichimba. Sasa ya mbele yanakata kona. Kati ya ekseli ni sentimita 60, kati ya pini za usukani 40. Tairi la ndani likikata digrii 30, la nje linakata kama 23.

Springi sikuweka. Ekseli ya mbele inabembea kwenye pini moja katikati, kama ya trekta, hivyo matairi yote yanagusa chini hata kwenye mashimo. Ila hakigeuki tena palepale, na tope limeshaingia kwenye pini. Naifunika kwa raba.