Mwenye fremu kashikilia cherehani zangu, nidai bei gani?

Kipepeo: Wadau, mwenye fremu kapiga kufuli tangu mwezi wa 3, cherehani zangu 3 ziko ndani, ananidai kodi ya miezi 2. Mpya sasa hivi ni laki 8 kila moja. Nataka kudai milioni 2.4 pamoja na hela niliyokuwa naingiza kila siku. Itapita?

Msela: Lipa kodi kwanza. Mpangaji asiyelipa ana tofauti gani na mwizi?

Kipepeo: Mwizi nani?? Nimelipa miaka 4 sijaruka, nimeteleza miezi 2 tu nikauguza mtoto!

Mama Nguo: Msela unaonekana una fremu mahali 😂

Msela: Ninazo, na najua mnavyotorokaga usiku na vitu.

Jalada: Acheni hayo. Deni la kodi ni lake, akalidai kwa utaratibu. Cherehani si zake. Ila Kipepeo, laki 8 sahau. Hakimu ataangalia cherehani iliyotumika kama yako ingeuzwa ngapi siku ile ulipozidai akakataa. Tuseme laki 3 na nusu, basi 3 ni milioni 1 na elfu 50. Hela ya kila siku ni dai lingine, lazima uliandike kwenye madai yako na ulithibitishe, daftari la oda au wateja waje. Na usihesabu mpaka leo, watakuuliza kwa nini hukukodi mashine nyingine. Ndo maana mpelekee barua ya kudai vitu vyako, asaini nakala, ili siku ya kukataa ijulikane.

Dogo wa Sheria: Mkuu, mbona nilifundishwa thamani ni ya siku ya hukumu?

Jalada: Hiyo ni ukidai urudishiwe mashine zenyewe. Ukidai hela yake tu, ni siku aliyokataa. Bei ikiwa imepanda, tofauti unaiona, kwa hiyo anavyoandika madai ni muhimu.

Mama Nguo: Mi fundi gari alinikatalia gari mpaka nimlipe, nimdai?

Jalada: Fundi aliyefanya kazi hajalipwa anaweza kuzuia gari, hiyo tofauti.

Msela: Halafu atasema cherehani zilikuwa mpya kumbe mbovu!

Jalada: Kazifungia yeye, azionyeshe. Kule Uingereza 1722, dogo wa kusafisha bomba la moshi aliokota pete, akaipeleka kwa sonara, mwanafunzi wa sonara akang'oa mawe yake, hayakurudishwa. Jaji akasema sonara asipoyaleta, yahesabiwe kuwa mazuri kuliko yote.

Msela: Hizo za wazungu. Kodi yangu nani atanihesabia zuri kuliko zote?

Kipepeo: Kumbe ni yako?? Fremu yako iko wapi wewe Msela, nakuuliza.