Orodha ya tuliyokubaliana, toleo la 3

Binamu: Habari za jioni wapendwa. Nilikuwa safarini, nimefungua simu nakuta meseji 614. Kwa kifupi tumeamua nini kuhusu harusi?

Shangazi: Tumeamua usisafiri tena 😂

Dada Mkubwa: Bora umeuliza, hata mimi nilishaanza kupotea. Nimekaa tangu saa kumi napanda juu na kushuka. Fedha zenyewe ziko kwenye daftari la Kaka na hapa hatuzitaji. Bajeti nzima tuite mafungu 100:

Wageni: 180
Ukumbi: 20
Chakula: 44
Mapambo: 12
Picha na video: 10
Mavazi: 9
Muziki: 5, tayari
Usafiri: 4
Kadi: 1
Akiba: 3

Mama: Asante mwanangu. Sasa mtu anaelewa.

Kaka: Dada, kazi nzuri, ila nimejumlisha mara mbili. Inatoka 108.

Mjomba: Si nilisema? Mapambo hayo. Kata mapambo.

Kaka: Subiri Mjomba, tatizo silioni kwenye mapambo. Mpishi anatuhesabia kwa kichwa, sahani moja ni 0.2 ya fungu. Chakula cha 44 maana yake sahani 220. Hiyo ilikuwa hesabu ya Jumanne, kabla hatujapunguza watu. Wageni 180 tumekubaliana Alhamisi usiku. Dada amechukua mstari mmoja wa Jumanne na mwingine wa Alhamisi, akaviweka pamoja kama vilizaliwa siku moja.

Dada Mkubwa: Ah! Kweli kabisa. Nilitafuta neno "chakula", nikachukua jibu la kwanza lililotokea.

Kaka: Ndipo tunaponaswa wote. Alhamisi tulisema "watu wapungue", hakuna aliyeandika tena "na chakula kishuke". Kwa hiyo ukitafuta chakula, utakutana na namba ya zamani tu. 180 mara 0.2 ni 36. Tunarudi kwenye 100 kamili, akiba ikiwemo.

Mjomba: Basi kwa hesabu hiyohiyo kila kitu kishuke. Watu wamepungua, ukumbi ushuke, muziki ushuke, picha zishuke.

Kaka: Ukumbi tunaulipia siku, Mjomba. Ujae au ubaki nusu, bei ni ileile. Mpiga muziki naye hahesabu masikio. Lakini kuna mahali umenifungua macho. Fundi wa mapambo alitupigia hesabu ya meza 22, watu 10 kila meza. Maua ya meza moja ni robo fungu. Sasa meza ni 18, yaani zimetoka 4, yaani fungu 1 zima. Jukwaa na mlango havibadiliki. Mapambo yawe 11.

Mjomba: Niliwaambia ni mapambo 😎

Bibi harusi: Naomba niseme jambo. Hiyo "picha na video", video hatukukubali. Binamu alipendekeza, mimi nikasema nitafikiria.

Binamu: Lakini watu waliweka dole gumba!

Mjomba: Dole langu lilikuwa la kuonyesha nimesoma.

Mama: Na langu liliponyoka tu nilipokuwa natafuta miwani.

Dada Mkubwa: Jamani! Na mimi kila nilipoona madole nimehesabu tumekubali. Sawa, video naihamishia kwenye "bado". Fungu 10 libaki kama ukomo, tusilivuke, video iwepo au isiwepo.

Mjomba: Mwanangu, hapo kwenye muziki umeandika "tayari". Tayari vipi?

Dada Mkubwa: Si tulishamchagua?

Mjomba: Ndiyo, lakini sikiliza. Harusi ya binti yangu orodha yetu iliandikwa hivyohivyo, "muziki tayari". Mke wangu akaelewa kuwa kikundi kimechaguliwa, sasa yeye alipe. Akatuma arubuni. Kumbe shemeji yangu alishamlipa mtu mwingine kabisa wiki iliyopita, na yeye ndiye aliyesema "tayari". Siku hiyo tukawa na wapiga muziki wawili na arubuni mbili, na moja haikurudi mpaka leo.

Shangazi: Nakumbuka. Walipiga kwa zamu 😂

Mjomba: Hawakupiga kwa zamu, walinuniana.

Kaka: Basi neno "tayari" tulifute. Tuandike "amechaguliwa", "arubuni imelipwa" au "amemalizwa", na jina la aliyelipa. Muziki kwa sasa: amechaguliwa, hajalipwa hata kidogo.

Mdogo: Na mafundi mmewasahau. Mpiga picha, wa muziki na wasaidizi wao, nimehesabu watu 9. Watakuwepo tangu mchana mpaka usiku, lazima wale.

Kaka: Mh. 9 mara 0.2 ni 1.8. Chakula kinakuwa 37.8. Mapambo yalitupa fungu 1, mafundi wametunyang'anya 1.8. Akiba inabaki 2.2.

Mama: Akiba hiyo ni ndogo sana.

Kaka: Ndogo, Mama. Wageni 11 tu wakizidi, imekwisha yote.

Shangazi: Samahani, nilikuwa jikoni. Nimesoma hapo juu mnasema watu 180. Si ni kadi 180?

Dada Mkubwa: Watu, Shangazi.

Shangazi: Hapana. Alhamisi tulisema kadi. Mimi nimepewa 50, nimeshaandika majina 50, kila mmoja na mwenzake. [picha]

Dada Mkubwa: Nimefungua picha. Ukurasa wa daftari, mistari 50, na mwisho wa karibu kila mstari umeandika "na mwenziwe".

Kaka: Hao ni karibu watu 100, Shangazi.

Shangazi: Ndiyo. Kadi 50.

Dada Mkubwa: Ngoja nirudi kwenye meseji yenyewe. Nimeipata. Alhamisi saa nne na dakika kumi usiku, bibi harusi ameandika: "Tuishie 180 jamani." Basi. Hakuna "watu" wala "kadi". Chini yake madole 11.

Bibi harusi: Nilimaanisha watu 😭 Ukumbi wenyewe unachukua 200.

Mdogo: Kwa hiyo watu 11 wamekubali, ila hatujui wamekubali nini.

Kaka: Kila mmoja aseme upande wake alielewaje. Mimi: watu.

Mama: Watu.

Mjomba: Mimi niliweka dole la kusoma, nimeshasema.

Binamu: Sikuwepo, lakini ningeelewa kadi.

Shangazi: Mnaona! Na nimeshawaambia watu kwa mdomo. Nitawarudiaje?

Kaka: Shangazi, nakuelewa, ila wote hao wakija, upande wako peke yake unaongeza watu 50. Ni mafungu 10 ya chakula na meza 5 za maua. Akiba ni 2.2. Na ukumbi hauwatoshi, tutavuka 200.

Shangazi: Wengine hawatakuja. Harusini watu hawaji wote.

Kaka: Ni kweli, baadhi hawatakuja. Ila hatuwezi kujua ni wangapi mpaka wajibu. Mpishi anataka idadi ya mwisho siku 10 kabla, na kwa mkataba wake, baada ya hapo tunaweza kuongeza sahani, kupunguza hatuwezi. Tukimpa 230 wakaja 180, tunalipia sahani 50 za viti vitupu. Tukimpa 180 wakaja 230, unajua mwenyewe.

Shangazi: Nitaangalia. Sijasema ndiyo.

Mama: Wifi, tutaongea kwa simu.

Dada Mkubwa: Basi hilo nalo linakwenda kwenye "bado". Naandika upya. Toleo la kwanza ni ile ya Jumanne, ya pili ni hii ya leo yenye 108, msiifuate tena. Hii hapa:

*TOLEO LA 3, Jumamosi usiku*

Wageni: WATU 180, si kadi (upande wa Shangazi bado)
Ukumbi: 20. Arubuni nusu amelipa Kaka. Salio siku 14 kabla
Chakula: 37.8, yaani sahani 180 za wageni na 9 za mafundi. Idadi ya mwisho siku 10 kabla, Mama ndiye anampigia mpishi
Mapambo: 11, meza 18. Amechaguliwa, hajalipwa
Picha: 10, ukomo. Amechaguliwa
Mavazi: 9. Bibi harusi
Muziki: 5. Amechaguliwa, hajalipwa. Atalipa Mjomba PEKE YAKE
Usafiri: 4. Mdogo
Kadi: 1. Zisichapwe mpaka majina yakamilike
Akiba: 2.2. Haiguswi bila Kaka kujua

*BADO:* video, majina ya Shangazi.

*Watu wakibadilika, badilisha pia:* sahani, meza, kadi.

Kaka: Mstari wa mwisho huo ndio uliokosekana Jumanne.

Binamu: Ibandike juu basi, kila mtu aione.

Mdogo: Kubandika kuna mwisho, muda mrefu kabisa ni siku 30. Harusi ni wiki 9 zijazo, itabanduka yenyewe katikati. Na ujumbe ukishapita dakika 15 huwezi kuuhariri, kwa hiyo likibadilika jambo moja inabidi utume orodha nyingine, kisha zinakuwa mbili, tatu, watu wanasoma ya zamani. Iwekwe kwenye maelezo ya kikundi. Pale inaharirika wakati wowote.

Dada Mkubwa: Nimeiweka. Ila naomba mtu mmoja tu awe anaibadilisha, tusije tukaamka kila mmoja ana toleo lake.

Kaka: Wewe. Mtu akitaka badiliko aandike hapa, na tukikubali tuandike "nakubali" kwa maneno. Madole yabaki ya kusoma.

Mjomba: 👍

Kaka: Mjomba...

Mjomba: Nimesoma.

Binamu: Swali moja la mwisho. Mimi kwenye hiyo 180 ni mtu mmoja au ni wawili?

Bibi harusi: Kwani una nani?

Binamu: Bado sijajua. Niandike kwenye "bado".