Tumetolewa kwa pointi 120 za mchezo ambao haukuchezwa

Wadau wa karata, salaam. Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kulieleza jambo hili kwa utaratibu. Wiki iliyopita mimi na mwenzangu tulishiriki mashindano ya wahedi wa sitini hapa Unguja. Tulikuwa jozi nne katika kundi letu, kila jozi ikutane na kila jozi mara moja, na mbili za juu ziingie hatua ya mtoano. Karatasi iliyobandikwa ukutani ilisema hivi: "Jozi zikilingana kwa ushindi, yataangaliwa matokeo ya wao kwa wao, kisha tofauti ya pointi."

Sisi, jozi A, tuliwafunga B kwa 74 kwa 46. B wakawafunga C kwa 63 kwa 57, na C wakatufunga sisi kwa 65 kwa 55. Jozi D walikuwa dhaifu: sisi tuliwashinda 68 kwa 52, na B wakawashinda 90 kwa 30. Walipoona hawana tena matumaini, D waliondoka kabla ya kukutana na C. Mwamuzi akawapa C ushindi wa mezani, na kwenye jedwali akaandika 120 kwa 0.

Jozi tatu zikawa na ushindi mbili kila moja. Mwamuzi alijumlisha michezo yote, C wakapata ziada ya 124, B 38 na sisi 34, nasi tukaambiwa tukae watazamaji. Kati ya ziada hiyo ya C, 120 zimetokana na viti vitupu! Ree zote nne na seti zote nne zikiwa mkononi mwako zinakupa 84 tu. Hiyo 120 hupatikana pale tu unapokusanya na mabasha, maghulamu na mabibi wote. Nani amewahi kuona matokeo hayo mezani?

Turufu ya Kopa: Pole ndugu, lakini mwamuzi hakukosea sana. Kwa wao kwa wao, A kamfunga B, B kamfunga C, C kamfunga A. Kila mmoja ana ushindi mmoja, kwa hiyo kipengele hicho hakiamui kitu, na kinachofuata ni tofauti ya pointi. Kosa ni hiyo 120 tu. Angeandika 61 kwa 59, ushindi mdogo kuliko wote, na mambo yangekwisha.

Mzee wa Baraza: Mwanangu Turufu, umepatia nusu. Ukiandika 61 kwa 59, C wanabaki na ziada ya 6, nao ndio watakaotolewa, ilhali hawakumkimbia mtu. Ushindi wa mezani hauna tarakimu ya haki, iwe kubwa au ndogo, maadamu tofauti ya pointi inahesabiwa pamoja na jozi iliyoondoka. Ndiyo maana katika fainali za AFCON timu zikilingana huangaliwa kwanza mechi za wenyewe kwa wenyewe, na zikiwa tatu hutengenezewa jedwali lao dogo. Lifanye hapa: A mna ziada ya 28 kwa B na upungufu wa 10 kwa C, inabaki 18. C wana 4. B wana upungufu wa 22. Wanapita A na C, na D hagusi chochote.

Garasha: Mimi nina kesi kama hiyo. Kwenye mtoano tulipata sitini kwa sitini, mwamuzi akarusha sarafu, tukatoka. Je, naweza kudai kiingilio changu?

Mzee wa Baraza: Hiyo ni kesi nyingine, kijana. Kwenye mtoano sare haibaki sare; karata huchanganywa na kugawiwa upya. Kuhusu kiingilio, muulize aliyekipokea.

Turufu ya Kopa: Nimekuelewa, Mzee, shikamoo. Hata hivyo, karatasi ilisema "kisha tofauti ya pointi". Haikusema kama ni tofauti ya wao kwa wao au ya kundi zima. Mwamuzi akisema alikusudia ya kundi zima, utampinga kwa andiko gani?

Mwenye uzi: Nitampinga kwa kuwa neno hilo limefuata moja kwa moja baada ya "wao kwa wao". Ila nakiri kwamba sikuuliza kabla ya kuanza, na hilo linaniuma kuliko kutolewa.

Jozi C: Tumesoma yote. Tulikaa mezani dakika ishirini karata zikiwa zimeshachanganywa, wapinzani hawakurudi. Hatukuomba 120. Kwa hesabu ya Mzee sisi tunapita, kwa hesabu ya mwamuzi tunapita; ni hiyo 61 kwa 59 pekee inayotutoa. Kwa hiyo mkiandika barua ya malalamiko, hiyo msiipendekeze. Na B je, mmeshawauliza?